Menyu ya TV imekuwa nzito: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu TV za Android za GB 8

Ukurasa huu unahusu zaidi TV zinazotumia Android TV au Google TV na zenye hifadhi ya GB 8, kwa sababu ndizo zilizojaa sebuleni mwetu na ndizo zinazolalamikiwa kuliko zote. Samsung na LG tumezigusa kwa ufupi huko mbele. Majina ya menyu tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini. Yanaweza kutofautiana kidogo kati ya TV na TV, lakini ukiingia kwenye alama ya gia huwezi kupotea.

TV ilikuwa nyepesi nilipoinunua. Kitu gani kimebadilika?

TV yenyewe ni ileile. Kilichoongezeka ni mzigo. Boksi likisema GB 8, usidhani zote ni zako. Mfumo wenyewe unachukua karibu nusu. Kijiti cha Google cha mwaka 2020, Chromecast with Google TV, nacho kiliandikwa GB 8, na mtumiaji alibakiwa na kama GB 4.4 tu. TV nyingi za bei ya kawaida ziko hapohapo au chini yake.

Sasa humo ndani ya GB 4 na kitu ndimo zinamoingia apu ulizoweka, mafaili ya muda ya kila apu, na masasisho. Apu iliyokuwa ndogo siku uliyoiweka imesasishwa mara nyingi tangu hapo, na watengenezaji huiandika wakiwa na vifaa vipya akilini. RAM yako, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imebaki GB 1 au 1.5 ileile. Ndiyo maana TV ambayo hakuna mtu aliyeigusa wala kuiongezea chochote huzeeka hivyohivyo.

Nitajuaje kama shida ni TV au ni intaneti?

Ingia kwenye Settings utembee humo kwa rimoti, juu na chini, ndani na nje. Menyu hizo haziombi kitu mtandaoni. Kama hata humo unabonyeza na alama inasogea baada ya kupumua, TV ndiyo imechoka, na kubadilisha bando hakutakusaidia. Kama Settings inateleza vizuri lakini picha ndogo za filamu kwenye ukurasa wa mwanzo zinachelewa kujaa, au video inazungusha duara, hapo angalia waifai kwanza.

Kuna kipimo cha pili, hiki ni cha RAM. Fungua YouTube, iache icheze kidogo, kisha bonyeza kitufe cha Home. Ukiona skrini inakuwa tupu na vigae vya apu vinajipanga upya kimoja kimoja, maana yake mfumo uliuua ukurasa wa mwanzo ili YouTube ipate nafasi ya kukaa, na sasa unaujenga tena kuanzia chini. Rudi YouTube: ikianza na nembo yake badala ya kuendelea ulipoachia, nayo iliuawa. TV ya namna hiyo haina tatizo la apu fulani. RAM yake haitoshi kubeba vitu viwili kwa pamoja.

Vipimo hivi vifanye kabla hujafuta chochote, maana dawa zake ni tofauti.

Hifadhi ikijaa, kwa nini menyu ndiyo iumie? Si ni mafaili tu?

Hili ndilo swali lenye maana kuliko yote, na wengi hulijibu juujuu.

Hifadhi ya TV ni chipu ya aina inayoitwa eMMC, ndugu wa kadi ya kumbukumbu ya simu. Chipu hii haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani. Lazima kwanza ifute, na haifuti kidogo kidogo. Inafuta kipande kizima kwa mkupuo mmoja. Ikiwa na nafasi ya kutosha, kuna vipande vitupu vinavyosubiri, kwa hiyo kuandika ni haraka. Ikikaribia kujaa, kila inapotaka kuandika kitu kidogo inabidi ihamishe kwanza vilivyo hai kutoka kipande fulani, ikifute, ndipo iandike. Kazi ya hatua moja inageuka kazi ya hatua tatu.

Na eMMC haisomi na kuandika kwa wakati mmoja. Ikiwa YouTube inahifadhi picha zake za muda, na Play Store inashusha sasisho, basi ombi lako la kufungua menyu linasimama kwenye foleni. Unabonyeza, hakuna kitu. Unabonyeza tena, hakuna. Halafu mibonyezo yote inafika kwa pamoja na unajikuta umefungua kitu usichokitaka. Tabia hiyo ya kulimbikiza mibonyezo, ukiiona, angalia hifadhi kwanza kabla ya kulaumu betri za rimoti.

Kuna jambo jingine. Android huhesabu kwamba hifadhi imeisha inapobaki chini ya asilimia 5 hivi ya sehemu ya mtumiaji. Kwenye TV yenye GB 4.4 hiyo ni kama MB 220. Ukifika hapo mfumo unaanza kufuta wenyewe mafaili ya muda ya apu, ambazo zikifunguliwa zinayashusha tena, nao unayafuta tena. TV inafanya kazi kutwa bila faida yoyote.

Sisi hulenga kuacha GB 1 wazi, na ikiwezekana zaidi ya hapo. Chini ya MB 500 tunaiona TV kama mgonjwa hata kama bado haijalalamika.

Naangalia wapi nafasi iliyobaki?

Google TV: Settings, kisha System, kisha Storage. Android TV za zamani: Settings, kisha Device Preferences, kisha Storage. Ukifungua Internal shared storage utaona jumla, kilichobaki, na apu zimekula kiasi gani.

Nimeondoa apu zote nilizoweka mimi. Mbona bado imejaa?

Kwa sababu ya apu ulizozikuta. Apu zilizokuja na TV zimekaa kwenye sehemu ya mfumo, ambayo huwezi kuigusa. Apu hiyo ikisasishwa, toleo jipya haliandikwi juu ya lile la kiwandani. Linawekwa upande wako, kwenye zile GB 4. Kwa hiyo una nakala mbili za apu moja, na ya pili inakula nafasi yako. TV inaweza kuja na apu kumi na zaidi za filamu ambazo huku kwetu hata hazifunguki, na zote zikawa zinasasishwa kila mwezi bila wewe kujua.

Nenda Settings, Apps, kisha See all apps. Chagua apu usiyoitumia. Kama haina Uninstall, tafuta Uninstall updates: hiyo inarudisha nafasi. Kisha, palepale, bonyeza Disable. Ukiacha hatua hii ya pili, Play Store itashusha sasisho lilelile usiku na utakuwa umetwanga maji kwenye kinu. Apu iliyozimwa kwa Disable haiamki, haisasishwi, na unaweza kuirudisha siku yoyote kwa kubonyeza Enable.

Usizime kitu chenye jina usilolifahamu. Google Play services, Android System WebView na ukurasa wenyewe wa mwanzo viache kama vilivyo. Google Play services unaweza kuiona imekula nafasi nyingi na ukatamani kuikata. Usijaribu, nusu ya apu zako zitagoma.

Clear cache na Clear data zinatofautianaje?

Clear cache inafuta mafaili ya muda tu, kama picha ndogo za video. Hupotezi akaunti. Clear data inairudisha apu ilivyokuwa siku ya kwanza: unaingiza nywila upya, na ulivyopakua ndani yake vinaondoka. Anza na ya kwanza. Ya pili ni kwa apu inayogoma kabisa.

Kusafisha cache kila siku ni kazi bure. Mafaili yale yapo ili apu ifunguke haraka; ukiyafuta, ufunguzi unaofuata utakuwa mzito kuliko jana, na bando litatumika kuyarudisha. Fanya pale nafasi inapobana, au apu moja inapoonyesha tabia ya ajabu.

Tuonyesheni mfano wa TV mliyoisafisha.

Inchi 43, ya mama mmoja wa Tandika, RAM GB 1, hifadhi GB 8. Malalamiko: rimoti haisikii, na Play Store inakataa kusasisha YouTube kwa madai kwamba hakuna nafasi. Alishabadilisha betri na kununua rimoti nyingine.

Storage ilionyesha GB 4.6 za mtumiaji, zimebaki MB 190. Tukapanga apu kwa ukubwa. Juu kabisa kulikuwa na magemu mawili ya watoto, ya mbio za magari, jumla MB 740. Hakuna aliyeyacheza tangu shule zifunguliwe. Chini yake apu ya kuangalia mpira bure, ile inayosambazwa kwenye fleshi kama APK, yaani faili la kuweka apu bila kupitia Play Store, MB 310 pamoja na taka zake. Halafu apu tano za kiwandani za filamu ambazo hajawahi kuzifungua, masasisho yao yakikaribia MB 520. Mafaili ya muda ya YouTube na kivinjari yalifika kama MB 200.

Magemu yakaondoka, kwa ridhaa ya watoto baada ya mazungumzo marefu. Zile tano tukazipigia Uninstall updates na Disable. Tukasafisha cache ya YouTube na ya kivinjari. Apu ya mpira mama alisita, kwa sababu ya mumewe. Tukamwonyesha kwanza inavyotumia prosesa hata ikiwa imefungwa (namna ya kuangalia iko kwenye swali linalofuata), ndipo akakubali itoke. Nafasi ikapanda hadi karibu GB 1.9. Tukazima TV kwa kuirestati, si kwa rimoti.

Matokeo yake: Settings ikawa inateleza, mibonyezo ikaacha kulimbikizana, YouTube ikasasishwa. Kilichobaki vilevile ni kwamba akitoka Netflix kurudi Home, vigae bado vinajipanga upya na anasubiri sekunde kadhaa. Hiyo ni RAM ya GB 1, na tulimwambia wazi kwamba hakuna usafi utakaoiondoa.

Nizifunge apu kila ninapomaliza kutazama, kama tunavyofanya kwenye simu?

Hapana. Hata kwenye simu hiyo tabia haisaidii sana. Apu uliyotoka, kwa kawaida, imelala kwenye RAM bila kutumia prosesa. Ikihitajika nafasi, Android yenyewe huiondoa, na inajua kuchagua ipi iende kwanza. Wewe ukiiua kwa Force stop, ukiirudia italazimika kusomwa yote kutoka kwenye ile eMMC polepole. Umejiongezea kusubiri kwa mikono yako.

Tofauti ni apu ambayo hailali. Mara nyingi ni moja kati ya hizi: apu za mpira na chaneli za bure zilizowekwa kwa APK, VPN za bure, na apu zinazojiita za kuongeza kasi. Hizi huendelea kufanya kazi nyuma ya pazia, nyingine zikivuta matangazo usiyoyaona. Force stop inazinyamazisha kwa muda tu. Dawa yake ni kuziondoa.

Kumkamata mkosaji bila kubahatisha unahitaji kompyuta iliyo kwenye waifai moja na TV na yenye adb, programu ya kuipa TV amri kutoka kwenye kompyuta. Kwenye TV, nenda Settings, System, About, kisha bonyeza mara 7 juu ya mstari wa Build, yaani Android TV OS build. Menyu ya Developer options itatokea. Washa USB debugging. Soma anwani ya IP ya TV kwenye Network & Internet, uiweke badala ya hii ya mfano:

```
adb connect 192.168.1.20:5555
adb shell df -h /data
adb shell top -m 8 -n 1
```

TV itauliza kama unairuhusu kompyuta, kubali. Amri ya pili inaonyesha nafasi iliyobaki, ya tatu inaorodhesha kazi nane zinazokula prosesa zaidi kwa wakati huo. Iendeshe TV ikiwa kwenye ukurasa wa mwanzo, hakuna kinachocheza. Rudia mara chache. Jina la apu usiyoifungua likizidi kujitokeza juu, umempata. Ukimaliza, zima USB debugging. Usiiache wazi kwenye waifai inayotumiwa na wapangaji wote.

Na zile apu za kusafisha TV na kuongeza kasi?

Ziondoe. Zinaua apu zilizolala, ambazo zinaamka tena, kisha zinakuonyesha namba kubwa ya kijani. Zenyewe zinakaa kwenye RAM na kwenye hifadhi muda wote. Hatujawahi kuona TV iliyopona kwa hizo.

Ya kwangu ni nzito dakika za mwanzo tu baada ya kuwasha, baadaye inakaa sawa. Kwa nini?

Unaizimia ukutani, au siyo? Wengi tunazima swichi ya soketi kila tukimaliza, kwa kuogopa umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Ni woga wenye sababu. Lakini TV ya Android haikutengenezwa kwa maisha hayo.

Ukizima kwa rimoti, TV inasinzia. Ukurasa wa mwanzo unabaki kwenye RAM, na saa zile hakuna anayetazama mfumo hufanya shughuli zake: unasasisha apu, unaziandaa upya ili zifunguke haraka, na unaijulisha ile chipu ni vipande gani vya hifadhi havina kazi tena ili ivifute mapema. Shughuli hizo husubiri TV iwe imetulia. Ukiizimia ukutani, hazipati nafasi kamwe. Kila unapowasha, mfumo unaanza kutoka sifuri, apu zote zinazojiamsha zinaamka kwa pamoja, Play Store inakimbilia masasisho, na wewe papo hapo unataka taarifa ya habari ya saa mbili.

Kwa hiyo, ikiwa una kifaa kizuri cha kulinda TV dhidi ya umeme mkubwa, iache imesinzia usiku mmoja au miwili kwa wiki, waifai ikiwa imewashwa. Gharama isikutishe. Hata tukikadiria juu kabisa, wati 10 kwa saa 8, hiyo ni yuniti 0.08 ya umeme. TV nyingi zikisinzia hutumia chini ya hapo sana. Kama huna kinga, endelea kuzima ukutani, ila ukiwasha iache dakika tano kabla ya kuanza kuibonyeza bonyeza.

Na kinyume chake: TV iliyosinzia wiki nyingi bila kuzimwa kweli nayo hujaza takataka kwenye RAM. Hiyo inahitaji kurestatiwa kutoka Settings, System, Restart, au kuchomoa waya kwa dakika moja. Kwa msomaji anayezima ukutani kila siku, ushauri wa «chomoa waya kisha chomeka» unaousikia kila mahali hauna jipya kwako.

Ukurasa wa mwanzo wenyewe umejaa picha za filamu na matangazo. Naweza kuupunguza?

Unaweza, na kwenye TV ya RAM ndogo tofauti inaonekana. Google TV ina Apps only mode: ingia Settings, Accounts & sign-in, chagua akaunti yako, utaiona hapo. Ukiiwasha, mapendekezo yanaondoka na apu zinabaki. Utapoteza pia msaidizi wa sauti na orodha yako ya vya kutazama, kwa hiyo amua. Android TV ya zamani haina hiyo, ila kwenye mipangilio ya Home screen unaweza kuzima safu za chaneli usizozitaka na zile video zinazojicheza zenyewe ukisimama juu ya picha.

Ukiwa umeshafungua Developer options, kuna mistari mitatu ya miondoko: Window animation scale, Transition animation scale na Animator duration scale. Iweke yote 0.5x. Prosesa haijaongezeka nguvu, ila umepunguza muda wa madoido, na macho yanaridhika. Background process limit usiiguse. Inaua apu zilizolala, na tumeshaeleza kwa nini hilo halina faida.

Nikichomeka fleshi, hifadhi inaongezeka?

Inaongezeka kwenye karatasi. Android huruhusu fleshi kuunganishwa kama sehemu ya hifadhi ya ndani, ingawa si kila TV ina chaguo hilo. Fleshi inafutwa yote na haitasomeka kwenye kifaa kingine. Shida ni kwamba fleshi ya kawaida ya dukani, kwenye tundu la USB 2.0, ni polepole kuliko hata ile eMMC. Apu utakazohamishia huko zitafunguka kwa kusuasua, na mtoto akiichomoa zitatoweka. Ukilazimika, tumia SSD ndogo ya nje na uhamishie huko magemu tu. Kwa filamu zako za kuchezea, fleshi ya kawaida bila kuunganishwa inatosha kabisa.

Factory reset inasaidia?

Inasaidia, na mara nyingine inashangaza. Inafuta kila kitu upande wa mtumiaji, yakiwemo yale masasisho ya apu za kiwandani. Lakini haigusi toleo la mfumo, na ukiunganisha intaneti Play Store itaanza kuyarudisha yote. Ujanja upo kwenye saa ya kwanza: ukishaingia akaunti, kabla ya kufanya chochote, fungua Play Store na uzime Auto-update apps, kisha zizime kwa Disable apu za kiwandani usizozihitaji. Ndipo uweke zako, zile tu unazotazama kweli. Ukiziruka hatua hizo, baada ya miezi michache utarudi hapahapa.

Andika nywila zako pembeni kabla ya kuanza. Na ikiwa baada ya hapo TV bado ni nzito hata ndani ya Settings, ikiwa na GB 3 wazi, chipu yenyewe inaelekea kuchoka. eMMC ina idadi ya mara inazoweza kufutwa, na TV iliyoishi miaka ikiwa imejaa huzimaliza mapema. Dalili nyingine ni TV kujirestati yenyewe au kukwama kwenye nembo.

Kama masasisho ndiyo yanajaza, niyazime yote?

Apu zisasishe mwenyewe, zile unazotumia. Usizikatae daima, kwa sababu YouTube na Netflix zina siku ambayo hukataa kufunguka kwenye toleo la zamani. Masasisho ya mfumo yakubali, hasa yale madogo ya usalama. Lile kubwa linalobadilisha toleo zima la Android, kwenye TV ya GB 1, tungesubiri kwanza kusikia wenye TV kama hiyo wanasemaje.

Samsung na LG je?

Hazitumii Android, lakini ugonjwa ni ndugu. Samsung: shikilia kitufe cha kuwasha kwenye rimoti mpaka TV izime na nembo itokee tena, hiyo ndiyo restati ya kweli. Ndani ya Settings, Support, kuna Device Care ya kupunguza mzigo. LG: ukizima Quick Start+, TV itachelewa kidogo kuwaka lakini itaanza ikiwa safi kila mara. Kwa zote mbili, kufuta apu usizotumia kunasaidia kama huku.

Nimefanya yote. Ninunue TV nyingine?

Kama kioo ni kizima, hapana. Nunua kijiti au kisanduku cha kuchomeka kwenye HDMI, uiache TV iwe kioo tu. Angalia namba mbili: RAM GB 2 au zaidi, na hifadhi inayozidi GB 8. Google wenyewe walipotoa Google TV Streamer mwaka 2024 waliweka RAM GB 4 na hifadhi GB 32, na hilo linakuambia GB 8 zilivyokuwa zimewabana. Ukishachomeka, itoe TV kwenye waifai ili isijisasishe bure, na uipange iwake moja kwa moja kwenye HDMI hiyo kama inaruhusu.

Kaa mbali na visanduku visivyo na jina vinavyoahidi chaneli zote bure. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya namna hiyo vilivyokuja na programu hasidi kabla hata ya kununuliwa, au vilivyoambukizwa vikiwa vinapangwa mara ya kwanza, na kutumia intaneti ya mwenye nyumba kwa uhalifu. Hivyo hivyo ndivyo tunavyoviona vimeandikwa «RAM 16 GB» kwa bei ya nauli ya kwenda Moshi. Kifaa halali cha Android TV kina Play Store yake rasmi, na kwenye mipangilio ya Play Store huandikwa kwamba kimethibitishwa.

Fundi anaweza kuniongezea RAM?

Hapana. RAM ya TV imechomelewa kwenye bodi, si kama ya kompyuta ya mezani. Anachoweza fundi ni kubadilisha bodi nzima. Bodi ya modeli yako hasa ikipatikana, utapata RAM ileile uliyokuwa nayo. Akikuwekea ile ya kuchanganya, inayoingia kwenye TV za kila aina, muulize kwanza ni ya Android au ya kawaida, ina RAM kiasi gani, na rangi zitakuwaje, maana bodi hizo mara nyingi hazikupangwa kwa kioo chako. Kwa gharama ya bodi na kazi, linganisha kwanza na bei ya kijiti.